Gharama ya Mzigo Hadi Ghalani: Namna ya Kusoma Tamko la Forodha

Kontena moja likitoka China hadi Mombasa huacha nyuma yake karatasi nyingi: ankara ya muuzaji, orodha ya ufungashaji, hati ya shehena ya meli, cheti cha bima, risiti za bandari na ankara ya wakala wa kutoa mizigo. Karatasi yenye takwimu nyingi kuliko zote ni tamko la forodha, nayo ndiyo ambayo wenye mizigo wengi huitazama mstari mmoja tu, ule wa jumla ya kodi. Jumla hiyo huongezwa kwenye bei ya kiwandani, ikagawanywa kwa idadi ya bidhaa, na bei ya dukani ikapangwa juu yake.

Hesabu ya namna hiyo humpa mtu namba, lakini mara nyingi humficha bidhaa ipi inamlipa na ipi inamla mtaji. Tamko la forodha ni hati ya kodi. Limepangwa ili serikali ijue inatoza nini, juu ya thamani gani, kwa kiwango kipi. Gharama ya kila kipande kikishafika ghalani ni swali jingine, na tamko hulijibu nusu. Anayejua kila takwimu inapima nini anaweza kuichukua nusu hiyo kwa uhakika, kisha akaikamilisha kwa hati nyingine alizo nazo mkononi.

Mzigo wa mfano

Tuchukue kontena la futi 40 lenye bidhaa mbili zinazopatikana karibu katika kila duka la vyombo: chupa za chai na vijiko vya chuma kisichoshika kutu. Bei na gharama za mfano huu zimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Viwango vya kodi ni vya Kenya baada ya mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024.

Chupa za chai ni 6,000, kila moja kwa dola 3 za Marekani, jumla dola 18,000. Zimo katika katoni 500 zenye chupa 12 kila moja. Vijiko ni dazeni 10,000, kila dazeni kwa dola 1.20, jumla dola 12,000, navyo vimo katika katoni 250 za dazeni 40. Muuzaji ameuza kwa masharti ya FOB, yaani bei inaishia mzigo ukishapakiwa melini China. Nauli ya meli hadi Mombasa ni dola 3,000 na bima ni dola 300, na vyote viwili vinalipwa na mnunuzi.

Uzito: namba mbili zenye kazi mbili

Katika tamko, kila bidhaa ina mstari wake, na kila mstari una uzito wa aina mbili. Uzito wa jumla ni bidhaa pamoja na katoni, plastiki na mbao za kufungia. Uzito halisi ni bidhaa peke yake. Katika mfano wetu chupa zina uzito wa jumla kilo 5,750 na uzito halisi kilo 4,800. Vijiko vina kilo 4,250 na kilo 4,000. Kontena zima basi lina uzito wa jumla wa kilo 10,000.

Kazi ya kwanza ya namba hizi ni kuukagua mzigo wenyewe. Gawanya uzito wa jumla wa chupa kwa katoni 500, utapata kilo 11.5 kwa katoni. Gawanya uzito halisi kwa chupa 6,000, utapata gramu 800 kwa chupa. Chukua chupa moja kutoka kwenye katoni, iweke kwenye mizani ya duka. Ikisoma gramu 650, ama idadi ya vipande imekosewa, ama kiwanda kimetuma bidhaa nyepesi kuliko sampuli, ama aliyejaza tamko alinakili uzito wa jumla mahali pa uzito halisi. Kosa hili la mwisho hutokea sana, na hujionyesha wazi: namba mbili za mstari mmoja huwa sawa, au huachana kwa kiasi kisichoweza kuwa uzito wa katoni.

Usishangae uzito wa tamko ukitofautiana na ule uliopelekwa kwa kampuni ya meli. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa vyombo vya baharini zinataka kila kontena litolewe uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa, na uzito huo unajumlisha kontena tupu. Kontena la futi 40 likiwa tupu huwa na karibu kilo 3,800, kwa hiyo mzigo wetu wa kilo 10,000 utaonekana kwenye hati hiyo kama kilo 13,800 hivi. Tofauti ikiwa kubwa au ndogo sana kuliko uzito wa kontena, hapo pana jambo la kuuliza.

Kazi ya pili ni kupata thamani kwa kilo. Dola 18,000 za chupa zikigawanywa kwa kilo halisi 4,800 zinatoa dola 3.75 kwa kilo. Vijiko vinatoa dola 3 kwa kilo. Maafisa wa forodha huitumia hesabu hii kulinganisha mzigo wako na mizigo ya wengine ya aina hiyo hiyo. Ni busara kuifanya wewe kwanza. Kijiko kinachotamkwa kwa bei iliyo chini ya bei ya chuma chenyewe sokoni hakiwezi kupita bila maswali.

Kwa bidhaa chache, uzito wenyewe ndio unaotozwa ushuru. Mfano mashuhuri ni sukari: Jedwali la Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki limeiwekea asilimia 100 ya thamani au dola 460 kwa tani, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Sukari yenye thamani ya dola 400 kwa tani itatozwa kwa uzito, maana asilimia 100 ya 400 haifiki 460. Katika bidhaa kama hiyo, kosa la tani moja ni kosa la kodi moja kwa moja. Chupa na vijiko vyetu hutozwa kwa thamani, na huko ndiko tunakoelekea.

Thamani: mahali nauli inapoingia

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Nne, inaeleza namna ya kupata thamani ya forodha. Njia ya kwanza kati ya sita ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa kwa mzigo huu wenyewe. Juu yake huongezwa gharama ya kuufikisha kwenye bandari ya kuingilia na bima. Ndiyo thamani inayoitwa CIF. Kwa mzigo wetu ni dola 30,000 na 3,000 na 300, jumla dola 33,300.

Hapa pana kosa la kulipia nauli mara mbili. Muuzaji akiuza kwa bei ya CIF Mombasa, nauli na bima tayari zimo ndani ya ankara yake. Wakala akiichukua bei hiyo kama FOB na kuongeza nauli tena kutoka kwenye hati ya shehena, thamani hupanda kwa dola 3,300 zisizokuwepo. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, na kwa mzigo wa kodi tutakaouona hivi punde, hilo lingegharimu shilingi 212,355. Njia ya kuligundua ni rahisi: tafuta kwenye tamko masharti ya uuzaji, yalinganishe na yale ya ankara, kisha tazama kama nauli imeandikwa kando. Kosa la upande wa pili lipo pia. Aliyenunua mlangoni mwa kiwanda lazima aongeze usafiri wa ndani ya China hadi bandarini, la sivyo thamani yake itakuwa pungufu na siku ya ukaguzi itamrudia.

Baada ya hapo dola hugeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango kilichowekwa na forodha kwa kipindi hicho. Tuseme ni 130. Dola 33,300 zinakuwa shilingi 4,329,000. Chupa, zenye asilimia 60 ya bei, zinabeba asilimia 60 ya nauli na bima, na thamani yao ni shilingi 2,597,400. Vijiko vinabaki na shilingi 1,731,600. Kumbuka mgawanyo huu, kwa sababu tutaurudia: katika tamko letu nauli imegawanywa kwa uwiano wa bei. Mfumo wa ASYCUDA World, unaotumika Uganda, Rwanda na Burundi, hukubali pia kugawanya kwa uwiano wa uzito. Kama bidhaa zote ziko kwenye kiwango kimoja cha ushuru, uchaguzi huo haubadilishi jumla ya kodi. Viwango vikitofautiana, unaibadilisha.

Lakini thamani hiyo ya shilingi 4,329,000 si pesa uliyotoa. Benki haikukuuzia dola kwa kiwango cha forodha. Tuseme ilikuuzia kwa 132. Basi bei, nauli na bima zimekugharimu dola 33,300 mara 132, yaani shilingi 4,395,600. Tofauti ni shilingi 66,600, nayo haionekani popote kwenye tamko. Kanuni ya kushika ni hii: kodi ihesabiwe kwa kiwango cha forodha, gharama ya bidhaa ihesabiwe kwa kiwango cha siku ulipolipa. Anayechukua thamani ya forodha na kuiandika kama bei ya ununuzi ameanza hesabu yake na pengo, na shilingi ikiporomoka kati ya malipo ya kwanza na ya mwisho pengo hilo hukua.

Kodi: kila mstari una msingi wake

Sehemu ya chini ya tamko huonyesha, kwa kila bidhaa, aina ya kodi, msingi wake, kiwango na kiasi. Anayesoma kiasi bila kusoma msingi hawezi kukagua chochote.

Ushuru wa forodha hutozwa juu ya CIF. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza Umoja wa Forodha mwaka 2005 kwa madaraja matatu, 0, 10 na 25, na tarehe 1 Julai 2022 ikaongeza daraja la nne la asilimia 35. Daraja huamuliwa na msimbo wa bidhaa. Nchi wanachama huomba kila mwaka ruhusa ya kutumia viwango tofauti kwa bidhaa fulani, na ruhusa hizo hutangazwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya, kwa hiyo kiwango cha mwaka jana kithibitishwe upya kabla ya kuagiza. Tuchukulie bidhaa zetu zote mbili ziko kwenye asilimia 25. Ushuru ni shilingi 1,082,250.

Kenya hutoza pia ada ya tamko la uagizaji, IDF, asilimia 2.5 ya CIF, ambayo hapa ni shilingi 108,225. Kisha kuna tozo ya maendeleo ya reli, RDL, iliyopanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2 tarehe 27 Desemba 2024, nayo ni shilingi 86,580. Mwisho ni VAT ya asilimia 16. Msingi wake ni mpana zaidi: ni CIF pamoja na ushuru wa forodha, yaani shilingi 5,411,250. Asilimia 16 ya hizo ni shilingi 865,800. Jumla ya kodi zote ni shilingi 2,142,855.

Kwa bidhaa yoyote ya daraja la 25 isiyo na kodi ya bidhaa maalumu, kuna njia fupi ya kuhakiki jumla hiyo. VAT ya 16 juu ya msingi uliopanda hadi 125 ni sawa na asilimia 20 ya CIF:

```
25 + 2.5 + 2 + (16 × 1.25) = 49.5
CIF × 0.495 = jumla ya kodi
```

Gawanya jumla ya kodi iliyoko kwenye tamko kwa thamani ya CIF. Ukipata 0.495, hesabu imesimama. Ukipata namba nyingine, tafuta sababu: msimbo wa daraja tofauti, tozo ya ziada, msamaha, au kosa. Nchini Tanzania sheria ya ushuru wa forodha ni hiyo hiyo ya Jumuiya, lakini kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18 na tozo za ndani ni nyingine, kwa hiyo kila nchi itengenezewe uwiano wake.

Katika gharama ya bidhaa, kodi hizi hazikai sawa. Ushuru, IDF na RDL zikishalipwa hazirudi, kwa hiyo ni sehemu ya gharama. VAT humrudia aliyesajiliwa, kwa kuikata kwenye VAT anayokusanya kwa wateja wake. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu bidhaa ghalani, IAS 2, kinasema hivyo hivyo: kodi zinazoweza kurejeshwa haziingii kwenye gharama. Nchini Kenya usajili ni wa lazima mauzo yanayotozwa VAT yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Aliye chini ya hapo na ambaye hakujisajili hawezi kuidai, na kwake zile shilingi 865,800 ni gharama kamili. Watu wawili wenye mzigo ule ule na tamko linalofanana wanaweza basi kuwa na gharama tofauti kwa chupa ile ile. Hata aliyesajiliwa asisahau kwamba ameitoa pesa hiyo leo na ataipata kadiri anavyouza.

Hapa pia ndipo wanaosafirisha kwa kuchangia kontena wanapopaswa kuangalia. Wafanyabiashara wengi wa Eastleigh na Kariakoo humlipa msafirishaji bei moja kwa kila mita ya ujazo, kila kitu kikiwemo. Bei hiyo ni rahisi kupangia hesabu. Lakini kama tamko liliandikwa kwa jina la mwingine, mwenye bidhaa hana hati ya kudai VAT, wala hajui bidhaa zake zilitamkwa kwa thamani gani.

Gharama ambazo tamko halizijui

Mzigo ukishalipiwa kodi bado uko bandarini. Katika mfano wetu, ada za bandari na za kampuni ya meli ni shilingi 110,000, wakala 40,000, cheti cha ubora kilichotolewa kabla ya kusafirisha 45,000, lori hadi ghalani 25,000 na makuli wa kushusha 10,000. Jumla ni shilingi 230,000 bila VAT. Dhamana ya kontena haimo, maana hurudishwa kontena tupu likirejeshwa kwa wakati. Lakini faini za kuchelewa kulirudisha na ada za kukaa bandarini baada ya siku za bure ni gharama halisi, na zikitokea ziandikwe kando. Mtu anayezificha ndani ya gharama ya kawaida atapanga bei za mzigo ujao kana kwamba kuchelewa ni lazima.

Sasa jumla inapatikana. Bei, nauli na bima kwa kiwango cha benki ni shilingi 4,395,600. Kodi zisizorudi ni 1,277,055. Gharama za ndani ni 230,000. Mzigo mzima umefika ghalani kwa shilingi 5,902,655, bila VAT.

Kugawanya: hapa ndipo faida inapofichwa

Jumla ya kontena haimsaidii mtu kupanga bei. Anauza chupa na vijiko, hauzi kontena. Njia inayotumiwa sana ni kugawanya kila kitu kwa uwiano wa bei, kama tamko lilivyofanya na nauli. Kwa njia hiyo chupa zinabeba asilimia 60 ya jumla, na kila chupa inagharimu shilingi 590. Dazeni ya vijiko inagharimu shilingi 236.

Mwingine atasema nauli ni jambo la uzito, achukue uzito wa jumla ulio kwenye tamko. Chupa zina kilo 5,750 kati ya 10,000, sawa na asilimia 57.5. Akigawanya nauli na gharama za kontena kwa uwiano huo, chupa inashuka hadi shilingi 588 na dazeni ya vijiko inapanda hadi 237. Njia hizo mbili zinakaribiana sana, na kukaribiana huko huleta utulivu wa uongo.

Takwimu inayokosekana ni ujazo. Sehemu kubwa ya chupa ya chai ni nafasi tupu. Kila katoni ya chupa ina mita za ujazo 0.09, na katoni 500 zinachukua mita 45. Katoni ya vijiko ni ndogo na nzito: mita 0.02, na katoni 250 zinachukua mita 5 tu. Kati ya mita 50 zilizotumika, chupa zimechukua asilimia 90. Kontena hili lilikuwa linaelekea kujaa nafasi, halikuwa karibu kabisa na kikomo cha uzito. Kilichonunuliwa kwa dola 3,000 za nauli kilikuwa nafasi, na chupa ndizo zilizoitumia. Mistari ya bidhaa kwenye tamko haionyeshi ujazo. Hupatikana kwenye orodha ya ufungashaji na mara nyingi kwenye hati ya shehena.

Kwa hiyo kila gharama igawanywe kwa kitu kinachoisababisha. Bei ya kununua na kodi zifuate thamani, kwa sababu zilitozwa hivyo, na kiasi cha kila mstari kimo tayari ndani ya tamko. Bima nayo ifuate thamani. Nauli, ada za bandari, lori na makuli zifuate ujazo. Ada ya wakala na cheti cha ubora, ambazo hazijali ukubwa wa katoni, zifuate thamani kwa ukosefu wa kipimo bora.

| Gharama (shilingi) | Chupa | Vijiko |
|---|---|---|
| Bei ya kununua | 2,376,000 | 1,584,000 |
| Ushuru, IDF na RDL | 766,233 | 510,822 |
| Bima | 23,760 | 15,840 |
| Nauli ya meli | 356,400 | 39,600 |
| Gharama za ndani | 181,500 | 48,500 |
| Jumla | 3,703,893 | 2,198,762 |

Gawanya kwa idadi: chupa moja imegharimu shilingi 617, dazeni ya vijiko shilingi 220. Kontena ni lile lile na jumla ni ile ile, lakini picha ya biashara imegeuka. Mwenye duka la jumla aliyeamini 590 akauza chupa kwa 640 anadhani anapata shilingi 50 kwa kila chupa. Anapata 23. Vijiko, ambavyo pengine alivipandishia bei hadi mteja akaenda kwa jirani, vilikuwa na nafasi ya kushuka. Mwaka ukiisha, jumla ya faida itapatana na vitabu, lakini atakuwa ameagiza chupa zaidi na vijiko vichache, kinyume cha alivyopaswa.

Njia ya ujazo nayo ina mipaka yake. Kontena la vigae, misumari au mabati hufikia kikomo cha uzito likiwa bado na nafasi juu, na hapo uzito wa jumla wa tamko ndio kigawanyo sahihi cha nauli. Swali la kuuliza ni moja: ni nini kilichozuia mzigo zaidi usiingie, nafasi au kilo? Katika mizigo iliyochanganywa vizuri, kizito chini na chepesi juu, vyote viwili hukaribia kikomo, na hapo hakuna mgawanyo mmoja ulio kamili. Chagua mmoja, uuandike, uufuate katika kila mzigo ili namba za mwaka huu zilinganishwe na za mwaka ujao.

Forodha ikikataa bei yako

Kuna takwimu moja inayoweza kubadilika baada ya hesabu yote kupangwa. Afisa akiwa na sababu ya kutilia shaka bei iliyotamkwa, anaweza kudai ushahidi, na asiporidhika akaiacha njia ya kwanza ya kuthamini na kufuata zinazofuata. Tuseme chupa zimepandishwa kutoka dola 3 hadi 3.50. Thamani inaongezeka kwa dola 3,000, sawa na shilingi 390,000. Kodi inaongezeka kwa asilimia 49.5 ya hizo, shilingi 193,050. Kati yake VAT ni 78,000, na shilingi 115,050 hazirudi.

Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wengine huongeza zile shilingi 390,000 kwenye gharama, ilhali muuzaji hakulipwa hata senti moja zaidi. Wengine huziacha kodi za nyongeza nje kwa sababu bei waliyolipa haikubadilika. Kilichobadilika kwa kweli ni kodi peke yake: shilingi 115,050 kwa chupa 6,000, yaani shilingi 19 kila moja. Gharama ya chupa inapanda kutoka 617 hadi karibu 636, na ile faida ya 23 inabaki shilingi 4. Anayeagiza bidhaa ambayo forodha imezoea kuipandisha bei afanye hesabu hii kabla ya kutuma malipo ya kwanza kiwandani.

Aliyetamka bei ya kweli ana haki ya kupinga. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Jumuiya kinampa siku 30 tangu uamuzi kutolewa kuomba Kamishna aupitie upya, na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Ombi hilo linasimama juu ya ushahidi: mkataba wa ununuzi, mawasiliano ya bei na kiwandani, na hati za benki zinazoonyesha dola 18,000 zikitoka. Aliyeandikiana na muuzaji ankara mbili, moja ya forodha na moja ya kweli, hana ushahidi wa kuonyesha. Hana hata hesabu ya gharama, kwa sababu malipo yake ya benki hayapatani na tamko, na mkaguzi anayekuja baada ya mzigo kutoka huanza kwa kulinganisha hayo mawili.

Kwa hiyo kabla ya kuidhinisha kodi ilipwe, mwombe wakala nakala ya rasimu ya tamko, ukae nayo pamoja na ankara na orodha ya ufungashaji. Hakiki uzito kwa kipande, masharti ya uuzaji, nauli, msimbo wa kila bidhaa na uwiano wa kodi kwa CIF. Kosa lililoonekana kwenye rasimu hurekebishwa kwa maelezo. Kosa hilo hilo kodi ikishalipwa huhitaji maombi, ushahidi na kusubiri, na kontena linaposubiri ada za bandari zinaendelea kuhesabiwa. Mzigo ukishafika ghalani, ihifadhi nakala ya mwisho pamoja na risiti zote kwa miaka isiyopungua 5, na usipange bei ya kuuza kabla hujaigawa kila gharama kwa kile kilichoisababisha.